Kadi ya Rafiki na Kondoo wa Mzee Senteu

Nikolaus Qamara hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa wa semina. Kila alipohudhuria semina ya wafanyabiashara kule Arusha alirudi Karatu na neno jipya, na neno hilo halikumpa mtu raha dukani mpaka lipoe lenyewe. Mwaka juzi alirudi na neno "chapa", duka lote la dawa za mifugo likapakwa rangi ya machungwa mpaka ngazi, punda wa wateja wakagoma kusogea mlangoni wiki nzima. Safari hii alirudi na maneno mawili: uaminifu wa mteja.

"Salima," alisema akiwa bado na kitambulisho cha semina shingoni, "wateja wetu wanatupenda, lakini wanatupenda bure bure tu. Hakuna mfumo."

Salima alikuwa anapima chumvi ya mifugo. Hakuinua kichwa. Miaka sita kaunta ilikuwa imemfundisha kwamba bosi akitaja mfumo, atakayetoka jasho ni mtu mwingine. Na mtu mwingine huyo, jamani, siku zote alikuwa yeye. Alikuja Karatu akiwa msichana, mama yake akichuma kahawa kwenye mashamba ya huko juu, wakitokea Singida na magunia mawili ya nguo. Leo hii ukimweleza ng'ombe wako anakohoaje, Salima anakuambia dawa gani, kiasi gani, na maziwa yasinywewe siku ngapi baada ya sindano. Daktari wa mifugo mwenyewe alikuwa anapiga simu kumuuliza, kisha anajifanya alikuwa anampima.

Mfumo wenyewe uliitwa Kadi ya Rafiki. Kijana mmoja wa Arusha aliutengeneza ndani ya simu ya duka, Nikolaus akachapisha na vikadi vya plastiki vyenye picha ya ng'ombe anayecheka. Ukinunua bidhaa za shilingi elfu moja unapata pointi moja. Zikifika mia moja, unapunguziwa shilingi elfu tano kwenye ununuzi unaofuata.

"Wewe utaenda Nainokanoka siku ya soko," Nikolaus alisema. "Kule tunafungua tawi. Chumba nimeshapanga, kibali kipo. Ukiniandikishia wanachama thelathini siku hiyo moja, tawi ni lako. Utakuwa msimamizi. Mshahara wa msimamizi, na chumba cha kulala nyuma."

Salima akainua kichwa. "Rudia, bosi."

"Thelathini, tawi lako."

"Na nisipofikisha?"

Nikolaus akatazama pembeni, alikokuwa amekaa Piusi, mtoto wa dada yake, akikata kucha kwa mkasi wa duka. "Tutaona," akasema.

Mwenye macho haambiwi tazama. Salima alitaka tawi lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alitaka mlango anaoufungua yeye, na rafu anazopanga yeye bila mtu kuja kuhamisha dawa ya minyoo kwa sababu ya rangi. Usiku ule aliyasoma maelezo ya Kadi ya Rafiki mara nne mpaka akayajua kama sala.

Asubuhi ya safari bosi alimpa wosia mmoja. "Faida zitangaze kwa kipaza sauti. Masharti yasome polepole, kwa sauti ya chini, ikiwezekana wakati watu wanaondoka."

Nainokanoka kuna baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Salima na dereva Wilibrodi walipanga meza pembeni ya soko, wakatundika bango, wakawasha kipaza sauti. Watu wakaja, kwa maana watu wa soko hata mbwa wawili wakigombana watakuja. Wakasimama na shuka zao nyekundu na za buluu, wameegemea fimbo, wakamsikiliza Salima kwa adabu kubwa.

"Ndugu zangu, karibuni Kadi ya Rafiki! Kujiunga ni bure. Unanitajia jina lako na namba ya simu. Utapata ujumbe wenye tarakimu nne, unanisomea, basi, umeshakuwa mwanachama. Ukija kununua dawa ya kuogeshea, ya minyoo, bomba la kunyunyizia, chochote, unataja namba yako, pointi zinaingia. Hata kadi ukiisahau nyumbani, namba inatosha!"

Kondoo mmoja akakohoa.

Mwanamke aliyekuwa mbele, Nasieku, mwenye mbuzi wanaojulikana mpaka Bulati, akanyoosha mkono. "Hizo tarakimu nne nikusomee wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mwaka jana mtu alinipigia akasema nimeshinda gari. Akasema nimsomee tarakimu." Nasieku akawageukia wenzake. "Gari sikuliona. Na hela kwenye simu sikuziona tena."

Watu wakacheka, lakini kile kilikuwa kicheko cha kurudi nyuma hatua moja. Wilibrodi akaanza kukunja waya za kipaza sauti kimyakimya, mtu asiyejua aibu.

Salima akapiga moyo konde. Akazima kipaza sauti, akazunguka meza akasimama mbele yao. "Mama yangu, umesema vizuri, na usiache kuogopa. Namba ya siri ya hela zako usimpe mtu yeyote, hata mimi, hata padri. Mimi siiombi. Hizi ni tarakimu za kuthibitisha kwamba simu ni yako, nisije nikaandika pointi zako kwenye simu ya jirani. Soma ujumbe wenyewe mwanzo mpaka mwisho kabla hujanisomea. Usiponiamini, usinisomee, nitakuuzia dawa kama kawaida."

Nasieku akampima kwa macho, kuanzia kilemba mpaka raba. "Andika," akasema. Ujumbe ulipoingia akampa kijana wa karibu ausome kwa sauti ya soko zima, ndipo akazitaja tarakimu. Mmoja akapatikana. Kisha wawili. Kisha foleni ikakatika kabisa, wote wakawa wanatazama upande mmoja.

Mzee Senteu alikuwa anakuja.

Huyu Senteu hakuwa kiongozi wa kuchaguliwa na mtu. Alikuwa tu mzee ambaye akinywa chai kwenye kibanda fulani, kibanda kile kinajaa. Ng'ombe wake hakuna aliyewahi kutaja idadi yao, kwa sababu Mmasai mwenye akili hahesabu ng'ombe hadharani. Ila Salima alijua dawa ya kuogeshea anayonunua, na ilikuwa ya kuogesha mlima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia kuna urafiki unagawiwa hapa."

"Ndiyo mzee, Kadi ya Rafiki." Salima akaeleza upya. Senteu alisikiliza amefumba macho, kiganja juu ya fimbo. Alipomaliza, mzee akafumbua jicho moja.

"Hayo ni mazuri yake. Mabaya yake je?"

Hapo ndipo wosia wa bosi ulipomjia Salima kichwani, na hapohapo ukatoka. Alikuwa na wanachama wawili. Lakini kumdanganya mzee huyu mbele ya soko, wakati kesho atakuwa anamuuzia dawa? Hapana. Akachukua karatasi akasoma masharti kwa sauti ileile ya faida.

"Pointi hazibadilishwi kuwa fedha taslimu."

"Hmm," akasema Senteu.

"Pointi hazipatikani kwenye bidhaa ambayo tayari imepunguzwa bei."

"Haki."

"Pointi huwezi kumpa mtu mwingine."

"Hata mke?"

"Hata mke, mzee. Labda naye ajiandikishe na simu yake."

Wanawake wakapiga vigelegele. Senteu akangoja vitulie.

"Pointi usizozitumia zinakufa baada ya miezi kumi na miwili. Ukitaka kujitoa, unajitoa siku yoyote, na namba yako inafutwa. Mwisho."

Mzee akafumbua na jicho la pili. "Urafiki unaokufa baada ya miezi kumi na miwili," akasema taratibu, kama mtu anayeonja maziwa yaliyolala. "Nao unaanzaje? Huyo rafiki mwenye duka amenipa nini?"

"Unaanza kununua wewe, mzee. Halafu ukifikisha mia..."

"Yaani rafiki anasubiri nimpe kwanza. Mara mia."

Soko likacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Salima akahisi masikio yanawaka. Tawi lilikuwa linamponyoka hivihivi, mbele ya macho yake, na Wilibrodi alikuwa ameshamaliza waya zote. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo mama yake alivyokuwa akisema, na yeye hapo mikono yote miwili ilikuwa mitupu.

"Mzee, ni kweli," akasema. "Mimi ningeandika, ningeandika vingine. Lakini sikuandika mimi, na siwezi kukuambia yamebadilika wakati hayajabadilika. Ndivyo yalivyo."

Senteu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akaita kitu kwa Kimaa, na mchungaji wake akaja akimvuta kondoo jike, mweupe, kichwa cheusi, tumbo limeshuka kwa mimba. Mzee akaichukua kamba akaiweka kwenye kiganja cha Salima, akakifunga kiganja kwa mkono wake.

"Duka halijui kuanza. Basi mimi naanza," akasema. "Umenisomea mabaya bila kunong'ona. Kondoo huyu ni wako. Kuanzia leo mimi sikuiti Salima tena. Nakuita Paker. Na wewe jina langu umelisahau. Unaniita Paker."

Nasieku akamsogelea sikioni. "Ndivyo tunavyofanya. Aliyekupa kondoo na wewe uliyepewa, mnaitana hivyo mpaka kufa. Usimuuze, usimchinje ovyo. Na akija na shida, humfungii mlango. Jibu basi, watu wanangoja!"

"Asante... Paker," akasema Salima.

Ah, mambo yalivyobadilika! Kama ni urafiki wa Paker, nani abaki nje? Watu wakajipanga, simu zikatolewa kwenye shuka, ujumbe ukawa unalia kila upande. Senteu mwenyewe akaandikishwa wa tatu. Kufikia saa tisa Salima alikuwa na wanachama arobaini na watatu, na sauti imekauka. Kondoo hakuweza kushuka naye Karatu, maana kumpitisha geti la hifadhi bila kibali cha kusafirisha mifugo ni kujitafutia kesi. Nasieku akasema atamlaza na wa kwake, wala si jambo la kuomba. Salima aliteremka mlima akiimba, Wilibrodi akiitikia kama vile na yeye alifanya kazi.

Nikolaus aliona namba arobaini na tatu kwenye simu, akampiga Salima begani, akaagiza soda. Siku tatu baadaye akamwita nyuma ya stoo, mahali anapoitia watu anaowaogopa.

"Salima, unajua familia. Dada yangu amenililia. Piusi naye ni kijana, anahitaji pa kuanzia. Nimempa yeye tawi. Kwa muda tu. Bila wewe kaunta ya hapa itakufa, unajua."

Salima alirudi kaunta akampimia mteja chumvi kilo mbili, mteja akamwambia dada, nilisema nusu. Aliumia, na asikudanganye mtu kwamba alijikaza. Alilia chooni mpaka kwikwi, akanawa uso, akarudi. Alimwambia Mungu peke yake, na Mungu hakumjibu siku hiyo.

Tawi likafunguliwa. Piusi akapanda Nainokanoka na godoro, blanketi tano na spika ya muziki. Wiki ya kwanza akapiga simu: "Mjomba, watu ni wengi kweli! Wanaingia, wanakaa, tunasalimiana."

"Wamenunua nini?"

"Bado."

Wiki ya pili: bado. Wiki ya tatu Nikolaus akafungua mfumo akakuta jumla ya pointi zilizoingia Nainokanoka ni sifuri, tena sifuri safi isiyo na hata desimali. Na wanachama walikuwa wananunua dawa, hilo alilijua. Walikuwa wanalipa nauli na kushuka Karatu na madumu yao mpaka kaunta ya Salima, wanataja namba, wanapata pointi, wanapanda tena mlima.

Semina ilikuwa imemfundisha la kufanya. Akatuma ujumbe kwa wanachama wote, kwa namba ya duka: "Ndugu Rafiki, wiki hii tu, PATA POINTI MARA MBILI tawi la Nainokanoka! Karibu sana." Kisha akakaa kusubiri.

Majibu yalianza kuingia dakika ileile. La kwanza: "Asante. Msalimie Paker." La pili: "Paker hajambo?" La tatu lilitoka kwa Nasieku: "Mwambie Paker kondoo amezaa mapacha. Mmoja jike mmoja dume. Picha inakuja." Picha ikaja kweli. Ndani ya saa moja alikuwa na majibu ishirini na sita na hakuna hata moja lililotaja pointi.

Nikolaus akaja kaunta, simu mkononi, jasho usoni. "Salima, huyu Paker ni nani? Ni mshindani? Amefungua duka wapi?"

"Ni mimi, bosi."

"Wewe?"

"Ndiyo. Na wanakondoo ni wangu." Akaichukua simu akaitazama picha, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akacheka.

Siku ya soko iliyofuata walipanda wote watatu: Nikolaus amevaa koti la semina na viatu vya ngozi, Salima, na Wilibrodi. Piusi walimkuta mlangoni amejifunika blanketi mbili, pua nyekundu, akiwa amezungukwa na wazee sita wanaokunywa chai yake.

Senteu alikuwa mmoja wao. Akamwona Salima, akainuka. "Paker!"

"Paker," akaitika Salima, na roho yake ikatulia kidogo.

Nikolaus akajitambulisha, akafungua begi, akaanza. Alieleza pointi mara mbili. Alipoona hawashangai, akapandisha mara tatu. Akaahidi kofia kwa wanachama ishirini wa mwanzo. Akasema hata lile sharti la miezi kumi na miwili linaweza kuangaliwa. Wazee wakasikiliza kwa adabu ileile kubwa, ile inayokuvunja moyo.

"Mzee wangu," mwishowe akamgeukia Senteu, "wewe ni mwanachama namba tatu. Kadi yangu umeikataa?"

"Sijaikataa. Ninayo." Senteu akaitoa kwenye mshipi, ng'ombe akicheka. "Nzuri. Watoto wanaipenda."

"Basi kwa nini hununui hapa, mlangoni kwako, unakwenda mpaka Karatu?"

"Nikinunua kwa kijana huyu, Paker akiniuliza nitamjibu nini? Kwamba nimeruka mlango wake kwa sababu mguu unauma?"

"Lakini duka ni moja! Ni langu!" Nikolaus akajipiga kifua. "Karatu langu, hapa langu, huyu ni mfanyakazi wangu!"

"Sawa. Kondoo nilikupa wewe?"

Ule ugonjwa wa semina ukampanda Nikolaus kichwani, macho yakamng'aa, akamwona Nasieku upande wa pili akiwa na yule kondoo na mapacha wake, akatoa pochi. "Hilo tu? Basi mimi namnunua huyo kondoo! Salima, taja bei, nakulipa sasa hivi mbele ya mashahidi, kondoo anakuwa wangu, na mimi nakuwa Paker!"

Jamani! Hata upepo ulisimama. Mzee mmoja akaweka kikombe chini. Mwingine akainuka akageuka akatazama mlima, kama mtu aliyemwona mwenzake uchi na hataki kumwaibisha. Wilibrodi, ambaye hajui aibu, aliijua hiyo. Akajifanya anakagua tairi.

Senteu peke yake hakukasirika. Alimtazama Nikolaus kwa huruma, kisha akamgeukia Salima. "Paker, huyu mtu wako ana nini? Na wewe mbona umebaki Karatu siku zote hizi? Si wewe uliyetuandikisha hapa? Kijana anasema uko Karatu kwa sababu unapenda Karatu."

Kila mtu akamwangalia. Nikolaus naye akamwangalia, na macho yake yalikuwa yanaomba. Salima angeweza kusema uongo mtamu na kuhifadhi kazi aliyonayo. Aliufikiria uongo ule. Kisha akakumbuka kwamba watu hawa walimsomea tarakimu zao kwa sababu hakunong'ona.

"Sipendi Karatu," akasema. "Niliahidiwa tawi hili nikifikisha watu thelathini. Mlikuja arobaini na watatu. Akapewa mtoto wa dada yake." Akawageukia wazee. "Niliona aibu kuwaambia. Niliona kama nimewaita kwenye sherehe isiyokuwa yangu."

Senteu akamuuliza Nikolaus kwa upole, bila hata kupandisha sauti: "Ulimwahidi?"

"Nilimwahidi, mzee, ila kuna mambo ya kifamilia, na kwa muda tu..."

"Ulimwambia kuna mambo ya kifamilia, siku ile unamwahidi?"

"Hapana."

"Yeye alitusomea masharti yako yote," akasema Senteu. "Wewe yako hukumsomea."

Nimesema Nikolaus hakuwa mtu mbaya. Shingo ilimwinama, akatazama viatu vyake vya ngozi vilivyojaa kinyesi cha mbuzi, akageuka kumtafuta mpwa wake. Wala hakupata nafasi ya kusema. Piusi alikuwa ameshaingia ndani na alikuwa anatoka na godoro kichwani.

"Mjomba, chukua funguo, mpe dada Salima," akasema meno yakigongana. "Mimi huku nitakufa. Wiki tatu sijanawa miguu!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikolaus akachukua funguo, akaziweka kwenye kiganja cha Salima mbele ya wote. "Samahani, Salima," akasema, na alimaanisha. "Tawi ni lako. Nitaandika barua leo hii, na mshahara ule niliousema." Salima akafunga kiganja kwa nguvu.

Hakungoja hata chai. Alifungua kaunta, akaihamisha dawa ya minyoo pale alipoitaka, akawasha simu ya duka. Senteu akawa wa kwanza. Alinunua dawa ya kuogeshea na jiwe la chumvi la mifugo kulamba, akataja namba yake. Salima akabonyeza, ujumbe ukalia kwenye mshipi wa mzee.

"Pointi tisini na saba, Paker."

"Nipunguzie basi zile elfu tano."

Wote wakasogea. Nikolaus, mlangoni, akatikisa kichwa haraka haraka: mpe, mpe! Salima akamwona na akamkataa.

"Mpaka mia, Paker. Zimebaki tatu. Nikikupa wewe, Nasieku ana tisini na nne, nitamwambia nini? Hiyo ni ya duka, na duka lina masharti yake." Akatoka nyuma ya kaunta, akaenda mpaka kwa kondoo wake, akambeba mwanakondoo jike na kumweka mikononi mwa mzee. "Huyu ni wangu. Huyu hana masharti. Akiacha kunyonya, mchukue."

Senteu alimshika mwanakondoo kifuani. Alimwekea Salima kiganja kichwani, kama wazee wa huko wanavyowabariki binti zao. Kisha akalipa bei kamili ya dawa yake, na nyuma yake foleni ikafika mpaka barabarani.

Jua lilipoanza kuinama Nikolaus alikuwa bado hajaondoka. Alizunguka, akarudi, akazunguka tena, mpaka akajikuta ameketi kwenye dumu kando ya Mzee Senteu.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "hii yenu ya kondoo... mtu anajiungaje?"

Senteu akampima kuanzia koti mpaka viatu. "Hakuna fomu," akasema. Akanyoosha fimbo kuelekea chini sokoni, kwenye kundi lililokuwa linauzwa. "Wale pale. Chagua jike, asiwe mzee, asiwe mgonjwa. Mimi napenda wenye kichwa cheusi."

Nikolaus akainuka, akavua koti la semina, akampa Wilibrodi alishike, akateremka katikati ya kondoo.